Diski imejaa lakini faili hazionekani: tafuta tofauti ya hesabu kwanza

Mtu anafungua `This PC` na kukuta mstari wa diski C umekuwa mwekundu. Anafuta video chache na kumwaga `Recycle Bin`, anapata nafasi kidogo, na baada ya siku mbili mstari umerudi palepale. Akifika kwa fundi mjini Arusha au Moshi, mara nyingi anaambiwa mojawapo ya mawili: anunue diski kubwa zaidi, au Windows ipigwe upya. Hatua zote mbili zinachukuliwa kabla ya mtu yeyote kujua nafasi imekwenda wapi, na hiyo ya pili huweza kufuta kazi za miaka. Programu ya kuchambua diski inajibu swali hilo kwa dakika chache, ila lazima ujue kusoma hata kile isichokuonyesha.

Hapa tutatumia WizTree, ingawa WinDirStat nayo inafaa na haina malipo hata ofisini. WizTree ni bure kwa matumizi binafsi. Ofisi na biashara zinatakiwa kulipia leseni. Ni ndogo, MB chache tu, na ipo ya aina isiyohitaji kusakinishwa. Ipakue kwenye kompyuta nyingine, ifungue ndani ya flashi, kisha uiendeshe kutoka kwenye flashi hiyo. Diski ikiwa imebakiza nafasi kidogo, si busara kuiandikia kitu kingine kipya.

Tuchukue mfano wa kompyuta mpakato ya ofisi ya utalii jijini Arusha. Diski yake imeuzwa kama ya GB 256, lakini Windows inaonyesha GB 237. Hapo hakuna kilichoibwa: mtengenezaji anahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, Windows inaihesabu kuwa 1,024 × 1,024 × 1,024, na sehemu ndogo imetengwa kwa ajili ya kuwashia na kurekebishia mashine. Kati ya hizo GB 237, zilizotumika ni 234. Zimebaki 3.

Mtumiaji ana akaunti ya kawaida, si ya msimamizi. Anaendesha WizTree, anachagua C na kubonyeza `Scan`. Baada ya dakika kadhaa programu inamwonyesha folda zote zikiwa zimepangwa kwa ukubwa, na jumla yake ni karibu GB 155. Hapo wengi huanza kufuta kilicho juu kabisa kwenye orodha. Simama kwanza, fanya kutoa: 234 kutoa 155 ni 79. Kuna GB 79 ambazo diski inasema zimetumika na programu haikuziona. Hiyo tofauti ndiyo dalili kubwa kuliko chochote kilichoorodheshwa kwenye skrini.

Programu haikuziona kwa sababu inapoendeshwa kwa akaunti ya kawaida inapita mlango kwa mlango, folda moja baada ya nyingine, na Windows inaifungia milango miwili: folda za watumiaji wengine wa mashine hiyo, na folda ya mfumo iitwayo `System Volume Information`. Folda zilizofungwa huonekana tupu, kana kwamba hazina kitu.

Sasa ifunge programu, bonyeza faili lake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua `Run as administrator` na uweke neno la siri la msimamizi. Utaona tofauti mara moja, kwani kazi iliyochukua dakika inakwisha kwa sekunde. Diski ya Windows yenye mfumo wa NTFS ina daftari lake kuu, MFT, linaloandika kila faili na ukubwa wake. Kwa ruhusa ya msimamizi, WizTree inasoma daftari lenyewe badala ya kuzunguka folda. Kwa hiyo hakuna mlango wa kuizuia.

Kwenye mashine yetu orodha mpya inasomeka hivi: `Users` GB 128, `System Volume Information` 31, `Windows` 27, folda mbili za `Program Files` kwa pamoja 24, `pagefile.sys` 12, `hiberfil.sys` 6.3, `ProgramData` 5, na vidogovidogo 0.7. Jumla ni 234. Hesabu imefunga, na ile 79 imepata wenyewe: GB 31 ni za `System Volume Information`, na 48 ni za akaunti ya mfanyakazi aliyehamia tawi la Moshi, ambayo hakuna aliyekumbuka kuiondoa.

Kabla ya kugusa chochote, bonyeza kichwa cha safu ya `Allocated` ili orodha ipangwe kwa safu hiyo, si kwa `Size`. `Size` ni ukubwa wa faili lenyewe. `Allocated` ni nafasi ambayo faili limekalia kwenye diski. Anayetumia OneDrive anaweza kuona folda ya picha yenye `Size` ya GB 60 wakati `Allocated` ni karibu sifuri, kwa sababu picha zipo mtandaoni na kwenye kompyuta kuna majina yake tu. Akizifuta hapati nafasi yoyote, na zinaweza kufutika hata kule mtandaoni.

Tuingie kwenye zile GB 48. Kati yake, 36 ziko mahali pamoja:

```
AppData\Roaming\Apple Computer\MobileSync\Backup
```

Ndani kuna folda yenye jina refu la herufi na tarakimu, na humo folda ndogondogo zenye majina ya herufi mbili, kuanzia `00` hadi `ff`, zilizojaa maelfu ya faili yasiyo na kiambishi chochote mwishoni. Mtu asiyezifahamu hudhani ni kirusi. Ni bakapu ya iPhone. Mfanyakazi yule aliunganisha simu yake kwenye kompyuta ya ofisi, iTunes ikanakili karibu kila kilichomo, na AppData ni folda iliyofichwa, kwa hiyo hata angerudi kwenye akaunti yake asingeiona kirahisi. Iwapo iTunes ilipakuliwa kutoka Microsoft Store, njia ni nyingine: folda ya mtumiaji, kisha `Apple\MobileSync\Backup`.

Usiifute bila kujua ni ya nani. Katika folda hiyo yenye jina refu kuna faili `Info.plist`. Lifungue kwa Notepad na utafute maneno `Device Name` na `Last Backup Date`. Utapata jina la simu na tarehe ya bakapu ya mwisho. Mpigie mwenyewe simu. Huenda simu ile ilishapotea, na picha za mwanawe alipokuwa mchanga zimebaki hapo tu. Akiihitaji, inakiliwe yote kwenye diski ya nje. Akisema haina kazi, inafutwa. Katika mfano wetu imenakiliwa, imekaguliwa, kisha ikafutwa.

Baada ya kufuta, kumbuka kwamba WizTree hupeleka vitu kwenye `Recycle Bin`, na vikiwa humo bado vinakula nafasi ileile. Mwaga kapu hilo ndipo upime tena. Na kama umeamua kuondoa akaunti nzima ya mtu aliyeondoka, usifute folda yake kwa mkono ndani ya `Users`. Windows inabaki na kumbukumbu ya akaunti hiyo kwingineko, na siku mwenyewe akiingia tena atapewa akaunti ya muda ambayo kazi zake hupotea akitoka. Andika `SystemPropertiesAdvanced` kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua `Settings` iliyo chini ya `User Profiles`, na uifute kupitia hapo.

Zinabaki GB 31 za `System Volume Information`. Hizi kwa kawaida ni nakala za kurudishia mfumo nyuma, ambazo Windows huzihifadhi kabla ya mabadiliko makubwa. Huwezi kuzifuta kama faili za kawaida, wala usijaribu kulazimisha ruhusa za folda hiyo. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike:

```
vssadmin list shadowstorage
```

Mstari wenye neno `Used` unaonyesha nafasi iliyoliwa, na wenye `Maximum` unaonyesha kikomo. Hapa kikomo kiliwekwa asilimia 15 ya diski, yaani karibu GB 35, na nakala zilikuwa zinaelekea kukijaza. Kishushe:

```
vssadmin resize shadowstorage /for=C: /on=C: /maxsize=10GB
```

Nakala za zamani zitafutwa hadi zilizobaki zitoshe ndani ya kikomo kipya. Kwa hiyo fanya hivyo siku ambayo kompyuta inafanya kazi vizuri, si siku ambayo unatafuta kurudisha mfumo nyuma baada ya hitilafu. Tunashauri kupunguza, si kuzima kabisa, kwa sababu nakala hizo zinaweza kukuepusha na kupiga Windows upya.

Faili `hiberfil.sys` la GB 6.3 huwavutia wengi kulifuta. Ni mahali ambapo Windows huhifadhi kazi zilizo wazi kompyuta inapolala usingizi mzito. Ukubwa wake wa kawaida ni kama asilimia 40 ya kumbukumbu ya RAM, na mashine hii ina GB 16. Amri `powercfg /h off` inaliondoa. Ila umeme ukikatika na betri ikiwa imechoka, faili hilo ndilo linalohifadhi ripoti ambayo hukuwahi kuisevu. Tumeliacha. `pagefile.sys` nalo liache. Windows ndiyo inayolisimamia.

Kuna folda mbili ndani ya `Windows` zisizoguswa kwa mkono hata zikionekana kubwa. `Installer` inashika faili zinazohitajika kusasisha au kuondoa programu kama Office. Ukizifuta, programu inaendelea kufanya kazi hadi siku ya kuisasisha, ndipo inagoma. `WinSxS` inashika vipande vya Windows yenyewe, na sehemu kubwa yake ni faili zilezile zenye majina mawili, kwa hiyo baadhi ya programu huzihesabu mara mbili na kuionyesha kubwa kuliko ilivyo. Isafishe kwa amri yake tu:

```
Dism.exe /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup
```

Kwa hatua mbili tu, bakapu ya simu na nakala za mfumo, mashine yetu imepata GB 36 na 21. Ukijumlisha 3 zilizokuwepo, nafasi iliyo wazi ni GB 60, na hakuna picha hata moja ya mgeni wa ofisi iliyofutwa.

Kama nafasi inaliwa tena ndani ya siku chache, rudi WizTree kama msimamizi, fungua kichupo cha `File View` chenye faili kubwa na uzipange kwa safu ya `Modified`. Faili za leo na jana zitakuja juu. Ukikuta ndani ya `C:\Windows\Temp` faili nyingi zenye majina yanayoanza na `cab_`, kila moja ikikaribia MB 100, basi kumbukumbu ya masasisho ya Windows imezidi GB 2. Windows inajaribu kuibana, inashindwa, inaacha kipande, na inajaribu tena. Kufuta vipande hivyo peke yake hakusaidii, vitazaliwa upya. Fungua `services.msc`, simamisha `Windows Modules Installer`, futa kwanza faili kubwa za kumbukumbu zilizo `C:\Windows\Logs\CBS`, halafu ndipo ufute zile za `cab_`, na uwashe kompyuta upya.