Sgt. Pepper na treki nne

“Si Beatles walikuwa na mashine yenye treki kibao, ndiyo maana Sgt. Pepper ikatoka vile?”

Hapana. Albamu hiyo ya 1967 ilirekodiwa kwa mashine za treki nne, yaani mistari minne ya sauti iliyolala sambamba kwenye mkanda mmoja. Mashine za treki nane walianza kuzitumia mwaka 1968.

Nne zikijaa, mafundi walizichanganya na kuzihamishia kwenye mkanda wa pili, zikakaa treki moja au mbili. Kila uhamisho uliongeza mvumo, na ukigundua baadaye kwamba ngoma zimefunika gitaa, huwezi tena kuzitenganisha. Ilibidi kuamua mapema.

Kilichogeuza utunzi hasa ni uwezo wa kuacha nafasi. Katika wimbo wa albamu hiyo, “A Day in the Life”, waliacha pengo la baa 24, yaani vipande 24 vya mapigo ya muziki, huku msaidizi wao akizihesabu kwa sauti, kabla ya kujua watalijaza na nini. Mwezi uliofuata wakaingiza wanamuziki 40 wa okestra. McCartney, mpiga gitaa la besi wa Beatles, naye mara nyingi alirekodi besi mwishoni, akishasikia vingine vyote. Isikilize: besi ile inaimba, inajibizana na sauti ya mwimbaji.