Ukuta wa udongo huliwa kuanzia chini

Nyumba ya tofali mbichi ikianguka Chanika, Dar es Salaam, wakati wa masika, lawama huenda kwa udongo. Chungulia ukuta wenyewe: juu tofali bado zina kona zake, zilizoliwa ni sentimita 30 au 40 za chini. Mara nyingi maji yaliyozila yameshuka kutoka kwenye bati, yakagonga ardhi, kisha yakaurukia ukuta yakiwa na mchanga.

Chukua ukuta wenye mita 2.4 kutoka ardhini hadi kwenye bati. Mvua ya upepo ikiinama nyuzi 30 kutoka wima, upenu wa sentimita 60 unakinga takriban mita moja ya juu. Upenu wa sentimita 90 unafikia mita moja na nusu. Ukitaka zaidi ya hapo weka nguzo, iwe baraza, maana upenu mrefu usio na nguzo hubebwa na upepo pamoja na bati zake. Upande unaolowa zaidi ndio upewe baraza.

Bado sentimita 90 za chini hazina kinga. Nusu yake ni kazi ya msingi: panda na mawe au tofali za saruji hadi sentimita 45 juu ya ardhi, tandika nailoni nzito, ndipo uanze kozi ya kwanza ya udongo. Chini ya matone ya bati mwaga kokoto ili maji yasiruke, na ardhi iteremke kutoka ukutani.

Sehemu inayobaki ni ya lipu, na hapa ndipo mafundi wengi huharibu. Lipu ya saruji ni ngumu kuliko tofali lililo nyuma yake. Udongo unapovimba na kusinyaa, saruji hupasuka nyufa nyembamba kama unywele. Maji huingia humo na kutoka hayawezi. Gonga kwa kidole: ikilia kama kitu chenye uwazi, tofali nyuma yake limeshaachia. Siku lipu ikidondoka, huondoka na uso wa tofali.

Badala ya saruji piga lipu ya udongo: karai moja la udongo wa mfinyanzi, mawili ya mchanga na nusu karai la nyasi kavu zilizokatwakatwa. Loweka siku mbili tatu. Lakini udongo wa Dar hutofautiana hata mtaa kwa mtaa, kwa hiyo piga kwanza kipande cha majaribio ukutani. Kikikauka na kupasuka, ongeza mchanga. Kikipukutika ukikisugua kwa kiganja, ongeza mfinyanzi. Lowesha ukuta kidogo, piga lipu ya sentimita moja na nusu, uikwaruze ingali mbichi, ikikauka piga tabaka la pili jembamba. Malizia na chokaa iliyozimwa, mikono mitatu myepesi, na uirudie kila inapofifia, kabla ya masika.

Kama saruji tayari ipo na inalia, bandua ile ya chini kiangazi, uache ukuta ukauke wiki kadhaa. Ukipiga lipu mpya juu ya tofali bichi lenye maji, nayo haitashika.