Miaka kumi ya kikundi, halafu jiko la gesi mnampa asiyekopa

Juzi mwenyekiti wa kikundi kimoja cha hisa ninachokifundisha kanirushia rasimu ya ujumbe wa kutimiza miaka kumi, anataka nimnyooshee lugha. Lugha haina shida. Shida ni kwamba wanajisifia "tumekusanya milioni 74", afu chini yake kuna zawadi ya jiko la gesi kwa "mwanachama bora", yaani aliyenunua hisa nyingi kuliko wote. Hii mara ya nne au ya tano nakutana nayo, kwa hiyo naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena namtumia linki.

Hiyo milioni 74 haipo jamani. Kila mwisho wa mzunguko tunavunja sanduku, kila mtu anabeba chake, wiki inayofuata tunaanza na mfuko wa jamii na hisa mpya. Hela ya muuza samaki iliyoingia Januari ikatoka Desemba ikarudi Januari mmeihesabu mara kumi. Ndo maana waume zenu wanauliza ziko wapi, na nyie mnanuna.

Tuje kwenye jiko, maana hapa ndo panaponikera. Chukua mzunguko mmoja wa mfano: watu 25, hisa 2,000, mwisho hisa tano kwa kikao, vikao 48. Mama A kagongewa mihuri mitano kila wiki bila kukosa, hisa 240, kaweka 480,000. Hajakopa hata mia. Dada B, mama maandazi, mihuri miwili kila wiki, hisa 96, kaweka 192,000. Katikati ya mwaka kakopa 300,000 kununua unga na mafuta kwa jumla, riba asilimia 5 kwa mwezi, miezi mitatu, kwa hiyo riba peke yake kalipa 45,000.

Siku ya kuvunja, hisa zote zimefika 4,000, yaani milioni 8 za watu wenyewe, ila mezani wamehesabu milioni 9 na laki 6. Gawanya kwa 4,000, kila hisa inarudi na 2,400. Mama A anaondoka na 576,000, kapata 96,000 juu. Dada B anaondoka na 230,400, kapata 38,400 juu. Lakini si alilipa riba 45,000? Toa uone: kikundi kimemla 6,600. Ile milioni 1 na laki 6 haijashuka mbinguni, imetoka kwa kina Dada B, na fungu kubwa kuliko la mwenzake yeyote kabeba Mama A. Afu mnamwongezea jiko.

Sisemi Mama A kakosea, bila hisa zake Dada B angekopa nini? Na kama maandazi yalilipa, hiyo 6,600 Dada B wala haioni. Wala sisemi watu walazimishwe kukopa, kuna vikundi vina mkopo wa lazima na ni balaa tupu. Nasema tu kuweka peke yake hakuzalishi kitu, kinachozalisha ni mtu kukopa na kurudisha kwa wakati, na huyo kwenye ujumbe wenu hayupo hata kwa mstari mmoja.

Kuna kitu hakimo kwenye vitabu vyetu vya mafunzo. Marejesho ya mikopo yakikauka miezi miwili afu wiki ya mwisho kabla ya kuvunja yakaja yote kwa mpigo, roho inanidunda. Mara nyingi mtu kaenda kwa kausha damu ili asiaibike mbele ya wenzake. Daftari linaonyesha marejesho asilimia mia, mi napiga picha ya ripoti, na sijui wangapi kati ya hao wamelipa deni kwa deni. Sina dawa. Siku hizi nawashauri mikopo mipya isitishwe miezi mitatu kabla ya mgao, inapunguza, haiishi.

Basi rasimu nikaiandika upya. Nimetaja wale watatu washika funguo ambao kufuli tatu za sanduku hazijawahi kukosa ufunguo siku ya kikao, hata siku mmoja wao alipotoka msibani akaja nao umefungwa kwenye pindo la kanga. Nimetaja kikundi kizima kwamba mwenyekiti akiuliza "salio la wiki jana?" wote wanajibu kwa sauti moja hata asiyejua kusoma, maana hapo hakuna wa kuchezea daftari. Na nimeandika: asanteni mliokopa mkarudisha, faida tuliyogawana mizunguko kumi imetoka mikononi mwenu.

Mwenyekiti kajibu: "Nimekuelewa mwalimu, ila jiko tushanunua." Nikamwambia basi jiko walipigie kura ya bahati, vikaratasi kwa wanachama wote. Kanyamaza kidogo, afu kaniuliza na Mama A wao nani atamwambia, maana keshaanza kutafuta mtungi.