Kodi ya mnara laki 3 kwa mwezi, miaka 10: leo ni shilingi ngapi?

Thamani ya sasa ya malipo sawa ya kila mwezi ni kile kiasi cha fedha ambacho, ukikishika leo mkononi na kukiweka mahali panapozaa riba fulani, kitakutosha kujilipa malipo yale yale, mwezi kwa mwezi, hadi ule wa mwisho, kisha kiishe kabisa. Kisibaki wala kisipungue. Mambo mengine yote, kanuni na majedwali na programu za kompyuta, ni njia tu za kukipata kiasi hicho.

Tuchukue mfano wa kiwanja cha Gungu, Kigoma. Bibi mwenye kiwanja amekodisha kipande chake kwa wenye mnara wa simu. Mkataba ni wa miaka 10, na kila mwisho wa mwezi anaingiziwa shilingi 300,000, kodi ya zuio ikiwa imeshakatwa. Kiasi hakipandi wala hakishuki. Siku moja dalali anamletea mtu aliye tayari kumpa shilingi milioni 17 taslimu ili kodi yote ya miaka hiyo 10 iende kwake. Kiwanja kinabaki cha bibi, kinachouzwa ni ile kodi tu.

Mjukuu anatoa simu, anapiga hesabu. "Bibi, laki tatu mara miezi mia na ishirini ni milioni thelathini na sita. Huyu anataka kukupa hata nusu haifiki!"

"Hizo thelathini na sita ziko wapi, mjukuu wangu?" bibi anauliza. "Mimi mwisho wa mwezi naona laki tatu."

Bibi ameligusa lenyewe. Milioni 36 hazijawahi kuwepo mahali popote kwa pamoja. Kuna laki 3 ya mwezi ujao, na kuna laki 3 ya mwezi wa 120, na hizi mbili hazina bei moja leo. Tuseme bibi anaweza kuweka fedha zake mahali panapompa asilimia 1 kwa mwezi. Si kiwango cha kubuni tu: mwaka 2022 Benki Kuu ya Tanzania ilikuwa ikitoa hatifungani za serikali za miaka 20 kwa riba ya asilimia 12 na ushei kwa mwaka, kwa hiyo tupo jirani. Kwa kiwango hicho, ili apate laki 3 mwezi ujao anahitaji kuweka leo shilingi 297,030. Ili aipate mwezi wa 60 anahitaji kuweka leo kama 165,000 tu, maana fedha hizo zina miaka 5 ya kuzaa. Na laki 3 ya mwezi wa 120? Shilingi 90,898 zinatosha.

Ukikokotoa hivyo kwa miezi yote 120, ukajumlisha, unapata shilingi 20,910,157. Hiyo ndiyo thamani ya sasa. Hakuna anayekaa kujumlisha mara 120, lakini kanuni inayotumika huwa inaletwa kama imeshuka kutoka juu, na wanafunzi wengi wa uhasibu huikariri bila kujua ilikotoka. Inatoka mahali rahisi, hivi.

Kwanza jiulize: bibi angehitaji kiasi gani benki ili apate laki 3 kila mwezi milele, bila kugusa mtaji? Kwa asilimia 1 kwa mwezi jibu ni milioni 30, maana asilimia 1 ya milioni 30 ni laki 3. Anachukua riba, mtaji unakaa pale pale. Lakini yeye hauzi kodi ya milele, anauza ya miezi 120. Mwezi wa 120 ukipita, zile milioni 30 zingekuwa bado ziko benki, nzima, na mnunuzi hana haki nazo. Basi tunaziondoa. Ila tunaziondoa kwa bei ya leo, kwa sababu ni milioni 30 za baada ya miaka 10. Milioni 30 za wakati huo, kwa asilimia 1 kwa mwezi, leo ni 9,089,843. Toa hizo kwenye milioni 30: zinabaki 20,910,157. Kwa maandishi ya hesabu:

```
PV = A × (1 − (1 + r)^−n) / r
```

PV ni thamani ya sasa, A ni malipo ya kila mwezi, r ni riba ya mwezi, n ni idadi ya miezi. Kwenye programu ya jedwali kama Excel unaandika hivi:

```
=PV(0.01,120,-300000)
```

Ile alama ya kutoa kabla ya 300000 ipo ili jibu litoke likiwa chanya. Ukiisahau, programu itakurudishia kiasi kile kile kikiwa hasi.

Ukitaka kujiridhisha kwamba jibu ni sahihi, lifanyie mzunguko. Weka 20,910,157 kwenye akaunti ya kufikirika. Mwezi wa kwanza unapata riba ya 209,102, unatoa laki 3, inabaki 20,819,259. Mwezi wa pili riba ni ya hizo zilizobaki, 208,193, unatoa tena laki 3. Mwanzoni akaunti inapungua polepole, kwa sababu sehemu kubwa ya laki 3 inatoka kwenye riba. Kadiri mtaji unavyopungua ndivyo riba inavyopungua na mtaji unavyoliwa kwa kasi zaidi, na mwezi wa 120 akaunti inafika sifuri. Ikibaki na fedha au ikikauka mapema, kuna kitu umekosea.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni la kuchanganya mwaka na mwezi. Mtu anaweka riba ya mwaka, 0.12, kisha anaweka miezi 120. Programu hailalamiki, inatoa milioni 2.5. Hapo akili ndiyo ya kulalamika: milioni 2.5 ni kodi ya miezi isiyofika 9, na mkataba ni wa miaka 10. Kosa dogo zaidi ni kudhani asilimia 12 kwa mwaka na asilimia 1 kwa mwezi ni kitu kimoja. Asilimia 1 kila mwezi, riba ikizaa riba, kwa mwaka ni asilimia 12.68. Kama kweli unachoweza kupata ni asilimia 12 kamili kwa mwaka mzima, riba ya mwezi ni kama asilimia 0.95, na thamani inapanda hadi milioni 21.4 hivi. Nusu milioni imejificha kwenye desimali.

Turudi kwa dalali. Milioni 17 ni pungufu kwa karibu milioni 4 ukilinganisha na 20.9, kwa hiyo mjukuu hakukosea kuhisi ofa ni ndogo, alikosea kwa nini ni ndogo. Lakini hiyo 20.9 imesimama juu ya asilimia 1, na riba ndiyo hasa wanayobishania mnunuzi na muuzaji, hata kama hawaitaji. Kwa nusu asilimia kwa mwezi, kodi ile ile ina thamani ya milioni 27. Kwa asilimia 1 na nusu inashuka hadi milioni 16.6. Kwa asilimia 2 ni milioni 13.6. Mkataba haukubadilika hata nukta.

Ndiyo maana napenda kuigeuza hesabu. Badala ya kuuliza kodi hii ina thamani gani, uliza: anayetoa milioni 17 anatumia riba gani? Jaribu viwango mpaka jibu lifike milioni 17, utatua kwenye kama asilimia 1.45 kwa mwezi, yaani karibu asilimia 19 kwa mwaka riba ikizaa riba. Sasa bibi analiona jambo kwa sura anayoijua. Kupokea milioni 17 leo na kuacha laki 3 kila mwezi kwa miaka 10 ni sawasawa na kukopa milioni 17 kwa riba ya karibu asilimia 19. Kama ana shida ya fedha na mkopo pekee anaoweza kuupata ni ghali kuliko huo, ofa si ya kutupwa. Kama fedha zingeenda kukaa tu benki, anapoteza.

Mjukuu ana hoja yake: milioni 17 zinunue mtumbwi na injini, waingie kwenye dagaa, faida itazidi asilimia 19. Huenda. Ila faida ya ziwani haiji kila mwisho wa mwezi. Mwaka 2024 uvuvi kwenye Ziwa Tanganyika ulisimamishwa miezi 3, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Kodi ya mnara isingesimama. Malipo yenye uhakika hurudishwa kwenye bei ya leo kwa riba ndogo, yenye mashaka kwa riba kubwa, na mashaka ya kodi ya mnara yako kwingine: je, mkataba unamruhusu mpangaji kuondoka mnara ukihamishwa? Kama kifungu hicho kipo, n si 120 ya kuaminika, na mnunuzi ana haki ya kushusha bei.

Wapo wanaotaka pia kukata kitu kwa ajili ya kupanda kwa bei za vitu. Usikate mara mbili. Laki 3 ni ya shilingi za kawaida, haikuongezwa kufuata bei za sokoni, na riba ya asilimia 12 ya hatifungani nayo ni ya shilingi hizo hizo, tayari ina ndani yake fidia ya mfumuko wa bei. Zimekaa upande mmoja wa mizani.

Siku ya malipo nayo ina bei. Mfano wetu unalipa mwisho wa mwezi. Kama mkataba unasema kodi inalipwa tarehe 1, mwanzoni mwa kila mwezi, kila fungu linawahi kwa mwezi mmoja, na thamani yote inazidishwa kwa 1.01: inakuwa 21,119,258. Kwenye programu unaongeza sehemu mbili mwishoni:

```
=PV(0.01,120,-300000,0,1)
```

Na bibi akikataa leo, akaja kuuza baada ya miaka 5, asikubali kuambiwa kwamba nusu ya muda imekwisha hivyo bei ni nusu ya milioni 20.9. Kwa asilimia 1 ile ile, miezi 60 iliyobaki siku hiyo itakuwa na thamani ya shilingi 13,486,512.