Mzee akisahau nywila, linki ya uongo humkuta anangoja

Mzee aliyesahau nywila hanaswi kwa ujinga. Kweli anangoja meseji ya kumrudishia akaunti, kwa hiyo ya tapeli ikifika huidhania ndiyo hiyo.

Mama mkubwa wangu wa Kisauni yamemkuta zaidi ya mara moja. Juzijuzi aliandikiwa kwamba Gmail yake itafungwa jioni ile, abonyeze linki airejeshe. Ukurasa ulifanana na wa Google. Akajaza nywila aliyoikumbuka, akaambiwa si yenyewe. Akajaza nyingine, na nyingine, mpaka akawapa na za akaunti zisizohusika. Mara ikaingia meseji yenye kodi ya tarakimu sita ya kuthibitisha anayeingia, na hiyo ilitoka kwa Google wenyewe, maana tapeli alikuwa anaingia wakati huohuo. Akaijaza palepale.

Nashukuru simu yake ilikuwa bado imo ndani ya akaunti. Sikuanza na nywila. Nilifungua kwanza sehemu ya namba na barua pepe za kurejeshea akaunti, na humo tapeli alikuwa ameshaweka anwani yake. Ukibadilisha nywila ukaiacha hiyo, atarudi kupitia mlango huo. Nikaifuta, nikaweka nywila mpya, nikaondoa vifaa tusivyovijua, kisha nikaangalia kama Gmail imewekwa ipeleke barua kwingine. Yote haya yanataka haraka: namba ya kurejeshea ikibadilishwa, Google huweza kuendelea kutuma kodi kwa ile ya zamani kwa siku 7 tu.

Sasa tuna utaratibu. Linki iliyokuja bila kuombwa haifunguliwi, hata ikiwa na jina la benki yake, kwani jina la mtumaji huweza kughushiwa. Akiwa na wasiwasi ananipigia yeye, kwa namba aliyoihifadhi, nisipopokea, anangoja. Kodi hamsomei mtu kwenye simu, hata mimi.

Akisahau tena, nakwenda kwake. Tunaandika wenyewe `g.co/recover` kwenye simu yake, kwa mtandao wa nyumbani, kwa sababu Google huamini zaidi kifaa na mahali ilipozoea kumwona. Ukimpeleka mzee saiba, unapunguza uwezekano wa kukubaliwa.

Nywila zimehifadhiwa ndani ya simu, naye hazichapi tena. Hili napenda lieleweke: simu huikumbuka nywila pamoja na anwani ya tovuti yake, kwa hiyo kwenye ukurasa bandia haijitolei kuijaza. Wakati mwingine hukataa hata penye ukurasa halali, lakini yeye anajua kwamba nywila isipojijaza, anafunga na kunipigia.

Nakala ya nywila ya Google iko kwenye daftari kabatini, na wataalamu wenzangu hulipinga hilo. Matapeli wake wako mtandaoni, hawaingii chumbani. Ndani ya daftari hilo kuna pia kodi 10 za akiba za Google. Kila moja hutumika mara moja, na ikishatumika anaikata kwa kalamu.