Video isiyohitaji sauti: wauza korosho wa Masasi na imani zinazowaponza

Msimu wa korosho ukifika, simu za watu wa Mtwara na Lindi hujaa video za wauzaji. Nyingi ni za mtu aliyesimama mbele ya magunia akieleza ubora wa mzigo wake. Mtazamaji yuko kwenye basi au kazini, simu ameibana sauti, na anachokiona ni mdomo unaochezacheza. Anasogeza kidole, amekwenda. Muuzaji akishauriwa atengeneze video inayoeleweka hata bila sauti, jibu la kwanza huwa hili.

Dhana: "Nitaweka maandishi ya yale ninayosema, itatosha."

Haitoshi, kwa sababu hotuba iliyoandikwa bado ni hotuba. Skripti ya video ya kimya huanza na picha, na maneno huja baadaye kuziba pale picha iliposhindwa. Tuseme unataka kueleza kwa nini korosho zilizobanguliwa ni ghali. Sababu kubwa ni kwamba kilo nne hadi tano za korosho ghafi hutoa takriban kilo moja tu iliyo tayari kuliwa. Usiseme hilo, lionyeshe kwenye mizani:

Sekunde 0–2: korosho nyeupe zinamiminwa kwenye ungo. Maandishi: *Kwa nini korosho ni ghali*
Sekunde 2–5: ndoo ya korosho ghafi juu ya mizani. *Ghafi: kilo 5*
Sekunde 5–8: mkono uliopakwa majivu unapasua ganda. *Mafuta ya ganda huunguza*
Sekunde 8–10: vidole vinamenya ngozi nyembamba. Hakuna maandishi.
Sekunde 10–13: mizani ileile. *Zimebaki kilo 1*, na bei chini yake.
Sekunde 13–15: korosho zinaanza kumiminwa. *Sasa unajua*

Ukishaikata, ficha maandishi yote, mwonyeshe jirani asiyejua biashara yako, kisha muulize ameona nini. Akisema "korosho nyingi zimekuwa chache, na kazi yake ngumu," picha zako zinabeba. Akisema "mtu anapika kitu," rudi kwenye mizani.

Dhana: "Maneno kumi ni machache, yatasomeka."

Hesabu herufi, usihesabu maneno. Neno la Kiswahili hubeba mambo mengi kwa mkupuo. "Zimebanguliwa" peke yake lina herufi 13. Kwenye simu mimi hukadiria herufi 12 kwa sekunde, nafasi zikiwemo, maana jicho lina picha ya kutazama pia. Chukua sentensi hii: *Korosho zetu zimebanguliwa kwa mikono na akina mama wa Masasi*. Ina maneno kumi, lakini ni herufi 61, yaani sekunde tano. Ukiipa sekunde mbili, msomaji anaishia katikati na kukasirika. *Zimebanguliwa kwa mikono* ni herufi 24: sekunde mbili, amemaliza. Akina mama wataonekana kwenye picha.

Tena, maandishi meupe juu ya korosho nyeupe hayasomeki, hasa kwenye jua letu. Weka utepe mweusi nyuma yake, na yakae mbali na ukingo wa chini na wa kulia, ambako vitufe vya kupenda na maoni hufunika.

Dhana: "Video imalizike kwa asanteni na namba ya simu."

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza watazamaji. TikTok na Reels hurudia video yenyewe ikiisha, na neno la kuaga humwambia mtu aondoke kabla haijarudia. Angalia tena skripti ya juu. *Sasa unajua* haijakamilika. Inakamilishwa na maandishi ya mwanzo: *Kwa nini korosho ni ghali*. Ndiyo maana sikuweka alama ya kuuliza pale mwanzoni.

Picha nayo iungwe. Piga kumimina kote kwa mkupuo mmoja, simu ikiwa imeegemezwa isitikisike, kisha kata katikati, ungo ukiwa nusu. Nusu ya pili ya kipande hicho ifungue video, nusu ya kwanza iifunge. Mtazamaji hataona kiungo. Ukipiga mara mbili tofauti, kivuli kinakuwa kimehama au ungo umesogea, na jicho linashtuka papo hapo. Bei na mahali pa kukupata viwekwe katikati, kama kwenye mizani ya pili.

Dhana: "Ya kimya, basi niondoe sauti."

Acha mlio wa ganda likipasuka. Wengi TikTok huifungua na sauti, na mlio ule unawanogesha. Sharti ni moja: asiyeusikia asikose habari yoyote.

Kwa status ya WhatsApp mbinu ya kujirudia haifanyi kazi, kwani video ikiisha inaingia ya mtu mwingine. Huko tengeneza nakala ya pili: ondoa *Sasa unajua*, mizani ya kilo 1 ndiyo iwe mwisho, na bei na namba ya simu vikae hapo sekunde nne.