Sembe, dona na ngano: mfuko upi uutie kapuni

Nimesoma teknolojia ya chakula, na ninapoingia dukani kununua unga, jina la kampuni huwa naliangalia mwisho. Naanza na namna nafaka ilivyosagwa.

Sembe husagwa baada ya mahindi kukobolewa: pumba zimetolewa, na kiini pia kwa sehemu kubwa. Dona husagwa punje nzima. Mafuta ya mahindi yako kwenye kiini, hivyo dona ina lishe zaidi lakini huchacha mapema. Ngano ni vivyo hivyo: unga mweupe hukaa kuliko atta. Kwa hiyo dona na atta nachagua zilizosagwa karibuni, hata kama mfuko wa zamani umepunguzwa bei. Unga uliochacha hunuka mafuta ya zamani, na ukiuonja mkavu huacha uchungu ulimini.

Dona ina jambo jingine. Sumukuvu kwenye mahindi hujikusanya zaidi kwenye kiini na pumba, kwa hiyo kukoboa huipunguza, ingawa haiimalizi. Kwa macho huioni, na kupika hakuiondoi. Kwangu, dona ni ya msagaji mwenye alama ya TBS, au ya mahindi niliyoyachambua mwenyewe kabla ya kuyapeleka mashineni.

Sasa lebo ya virutubishi. Kukoboa kunaondoa vitamini B na madini, ndiyo maana viwanda huongeza madini chuma, zinki na foliki asidi. Foliki asidi humkinga mtoto aliye tumboni dhidi ya mgongo wazi, na inahitajika tangu majuma ya mwanzo, kabla mama hajajua ana mimba. Kenya iliulazimisha urutubishaji wa unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani mwaka 2012. Mimi siridhiki na nembo ya urutubishaji peke yake. Nageuza mfuko nisome orodha. Maneno kama “bora kwa afya” bila kutaja kirutubishi hata kimoja hayanishawishi. Na nembo hiyo haisemi lolote kuhusu sumukuvu.

Juzi nilikuwa na mifuko miwili ya sembe ya kilo 5 mkononi, yote ina nembo na orodha. Mmoja ulikuwa umesagwa karibuni zaidi, lakini mshono wa juu ulikuwa na nyuzi za rangi mbili na matundu ya sindano yaliyobaki wazi. Hapo mfuko umefunguliwa ukashonwa upya, na tarehe yake haina maana tena. Nikachukua wa pili, nikapapasa pembe za chini kutafuta mabonge, maana unyevu huanzia pale mfuko unapogusa sakafu. Kwenye pakiti za karatasi, kunjua mkunjo wa juu: nyuzi laini kama utando wa buibui ni za viwavi wa nondo. Pakiti hiyo irudishe.